Risala ya kikundi chetu kwa Mgeni Rasmi kuhusu mahitaji ya kambi ya matibabu, mwambao wa Kigoma

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakushukuru kwa kukubali kuwa nasi. Kikundi chetu kilianza kwa michango ya wauguzi wastaafu na wahudumu wa afya wa jamii, na leo tunajivunia mafanikio makubwa: mahema mawili, mizani ya watoto na ya watu wazima, na huduma ya mkoba iliyokwisha kufika vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika visivyofikika ila kwa boti.

Mheshimiwa, hitaji letu ni dawa na vipimo vya malaria vya kambi ijayo ya siku mbili. Tunatarajia wagonjwa 400. Kwa daftari la kambi iliyopita, wanne katika kila kumi huja na homa, yaani watu 160. Ukiongeza vipimo vichache vya kufidia vitakavyoharibika, tunahitaji vipimo vya haraka 200, navyo ni maboksi 8 ya vipimo 25. Tunasisitiza kila boksi lije na chupa yake ya maji ya kipimo, kwa kuwa maji ya kawaida au ya chupa ya aina nyingine yanaweza kuonyesha malaria isiyokuwepo.

Kati ya hao tunakadiria 80 watakutwa na malaria. Hapa ndipo makadirio hukosewa, kwa sababu dozi ya dawa mseto hufuata uzito. Watoto 30 wa kilo 5 hadi chini ya 15 watahitaji vidonge 6 kila mmoja. 20 wa chini ya kilo 25, vidonge 12. 10 wa chini ya kilo 35, vidonge 18. Na 20 wa kilo 35 na zaidi, vidonge 24. Jumla ni vidonge 1,080, vikiwa katika pakiti za kila kundi.

Tunasema haya kwa heshima, lakini kwa uchungu. Mgeni wetu aliyetangulia aliahidi mbele ya umati huu kutupatia dozi kamili. Zilikuja pakiti za watu wazima peke yake, tena nusu ya ahadi. Muuguzi alikaa chini ya mwembe akikata karatasi za vidonge kwa mkasi, na tarehe ya mwisho wa matumizi ikabaki kwenye kipande kimoja tu. Mama aliyepewa kipande cha pili aliuliza kama dawa ile bado ni nzima, nasi tulilazimika kumwonyesha kipande cha mwenzake.

Tunaomba pia atesunati ya kuweka njia ya haja kubwa, kwa watoto chini ya miaka sita wenye malaria kali, ili wapewe dozi ya kwanza kabla ya kupanda boti ya rufaa. Dawa hiyo haitoshi kuwaponya, hivyo mafuta ya boti nayo yamo katika maombi haya.

Orodha iko mezani kwako, Mheshimiwa, ikiwa na nafasi ya saini na tarehe ya kukabidhi. Tutashukuru sana ukiijaza kabla ya kuondoka.

Naomba kuwasilisha.

Katibu wa kikundi