Kwa mdogo wangu wa Kilombero: kumi la mwisho kwa mtu aliyechoka

Asalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, mdogo wangu.

Saa 12 asubuhi uko sokoni Kilombero unashusha viazi kwenye Fuso, na ukirudi Ngarenaro saa 10 jioni mabega hayainuki. Ndiyo maana watu wa kazi kama yako mwisho wa Ramadhani huwa na mpango mmoja: kulala usiku tisa na kukesha usiku wa 27, wakitarajia kuupata Lailatul Qadri. Mpango huo uache mwaka huu. Una kasoro mbili, na zote ni za hesabu.

Kwanza, katika hesabu yetu usiku hutangulia mchana. Usiku wa 27 unaingia jua linapozama baada ya kufunga siku ya 26. Anayefunga siku ya 27, akafuturu, kisha akaenda msikitini kukesha, amekesha usiku wa 28. Kosa hili huwapata wengi, hasa anayesikia tu kazini kwamba "leo ni ishirini na saba".

Pili, mwezi wenyewe. Unajua hapa kwetu wapo wanaofuata mwezi wa kitaifa na wapo wanaofuata wa kimataifa, na mara nyingi wanapishana siku moja. Usiku wako wa 27 ni wa 28 au wa 26 kwa jirani wa ukuta mmoja. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliagiza Lailatul Qadri itafutwe katika witiri za kumi la mwisho. Lakini pia alisema itafutwe zikibaki tisa, zikibaki saba, zikibaki tano. Ukihesabu zilizobaki kwenye mwezi wa siku 30, tisa zilizobaki zinaanza na usiku wa 22, na hivyo ndivyo Abu Said al-Khudri alivyoifafanua. Basi shufwa nazo zimo. Ni kweli Ubayy bin Kaab aliapa kwamba ni ya 27, lakini huyo huyo Abu Said alisimulia mwaka ambao ilikuwa ya 21: mvua ilinyesha, paa la msikiti likavuja, na asubuhi alama ya maji na tope ilionekana kwenye paji la uso la Mtume. Kwa hiyo ni kumi zote, ila kila usiku uwe na kiasi ambacho mwili wako utakibeba.

Kiasi hicho ni hiki. Hadithi ya Abu Dharr inasema anayesimama na imamu mpaka imamu amalize, anaandikiwa kisimamo cha usiku mzima. Sharti liko kwenye neno "amalize". Ukisali rakaa nane kwenye msikiti wa ishirini ukaondoka, au ukatoka kabla ya witri, umesali jambo jema lakini sharti hilo hujalitimiza. Ushauri wangu: usiende msikiti mkubwa wenye kisomo kirefu kisha ukatoroka katikati. Tafuta msikiti wa mtaani ambao imamu anasoma kwa wastani, ukae hadi salamu ya witri. Unapoingia kwa Isha, nuia na itikafu. Kwa madhehebu yetu ya Shafi haina kiwango cha chini cha saa. Ukinuia na ukatulia ndani ya msikiti kwa muda ulionao, umepata itikafu ya muda huo.

Kinachowaangusha wengi kwenye tarawehe ni sahani ya futari. Mtu aliyebeba magunia mchana kutwa, akafakamia mihogo ya nazi, maandazi na chai ya maziwa kwa mkupuo, tumbo linamlemea na rakaa ya nne anasinzia. Fungua kwa tende tatu na maji, sali Magharibi, kunywa uji na kula kidogo. Chakula kizito kisogeze kwenye daku, maana ndicho utakachobebea mzigo kesho yake.

Sasa tuupange usiku mmoja. Machi hapa Arusha jua linazama kama saa 12:45 jioni, na alfajiri inaingia kama saa 11:25. Angalia ratiba ya msikiti wako, dakika zinasogea. Hapo katikati ni saa 10 na dakika 40. Ukigawa kwa tatu, theluthi moja ni saa 3 na dakika 33, kwa hiyo theluthi ya mwisho inaanza kama saa 7:52 usiku. Watu husikia "theluthi ya mwisho" wakadhani ni lazima kuamka saa 8 kamili. Si lazima. Ukitoka tarawehe saa 3:15, lala saa 3:45, weka alamu saa 9:30. Umelala saa tano na dakika 45, na bado uko ndani ya theluthi hiyo kwa karibu saa mbili.

Ukiamka, tia udhu, sali rakaa mbili, au nne kwa mbili mbili. Witri usiirudie, ulishaisali na imamu, na hakuna witri mbili katika usiku mmoja. Kisha kaa uombe. Bibi Aisha aliuliza aseme nini akiujua usiku huo, akafundishwa: *Allahumma innaka afuwwun tuhibbul afwa faafu anni*. Yaani, ewe Mwenyezi Mungu, hakika Wewe ni Msamehevu, unapenda kusamehe, basi nisamehe. Ni fupi, unaweza kuirudia hata ukiwa umebeba gunia. Mwamshe na shemeji, kwa sababu Mtume katika kumi hili alikuwa akiwaamsha watu wa nyumbani kwake. Akiwa kwenye hedhi, sala hana, lakini dua, istighfari na kumswalia Mtume anazo zote. Saa 10:15 mle daku bila haraka, kisha uende Alfajiri jamaa. Sahihi Muslim ina hadithi kwamba aliyesali Isha jamaa ni kama amesimama nusu ya usiku, na akisali na Alfajiri jamaa ni kama ameusali wote. Aliyekesha hadi saa 9 akapitiwa na usingizi, Alfajiri ikampita, amepoteza kubwa kwa kutafuta dogo.

Kuna usiku utashindwa. Ukiona unasoma Fatiha mara mbili bila kujua umefika wapi, au ulimi unataja maneno ambayo hukukusudia, toa salamu ulale. Mtume aliamrisha hivyo, kwa sababu anayesinzia anaweza kutaka kuomba msamaha akajiapiza mwenyewe. Na wewe unapanda ubao wa Fuso asubuhi ukiwa na gunia mgongoni. Usingizi hapo unavunja mguu. Adhuhuri ikipita, jilaze dakika ishirini kwenye kivuli.

Ugomvi wa sokoni nao uukwepe siku hizi kumi. Mtume alitoka kuwaambia maswahaba ni usiku upi, akakuta watu wawili wanagombana, ujuzi wa usiku huo ukaondolewa.

Jioni ya siku ya 29 misikiti hupwaya. Watu wako madukani wanatafuta nguo za watoto, wengine wanasikiliza redio kuhusu mwezi. Ukiandama, kumi limeisha na ni Idi. Usipoandama, huo ni usiku wa 30, nao umo ndani ya kumi. Tarawehe ipo, na alamu ni ile ile, saa 9:30.

Wasalaam,
Kaka yako