Nani alihesabu mali? Kunyoosha sentensi za barua ya kuomba kazi

Rasimu nyingi za barua za kuomba kazi tunazoletewa zina ugonjwa mmoja: mwombaji haonekani akifanya kitu. Kazi "ilifanywa", taarifa "ziliandaliwa", wateja "walihudumiwa". Mwajiri anamaliza ukurasa mzima bila kujua wewe hasa ulishika nini.

Chukua aya hii ya mtu anayeomba kazi ya mtunza stoo:

"Katika kipindi nilichokuwa nikifanya kazi katika duka la vifaa vya ujenzi, jukumu la utunzaji wa stoo lilikuwa limekabidhiwa kwangu, ambapo zoezi la uhesabuji wa mali lilikuwa likifanywa na mimi kila mwisho wa mwezi na taarifa zilikuwa zikiandaliwa na kuwasilishwa kwa meneja."

Ni maneno 41 katika sentensi moja. Tunaanza kwa kuzungushia kalamu kila kitenzi kinachoishia na -wa: limekabidhiwa, likifanywa, zikiandaliwa, kuwasilishwa. (Si kila -wa ni ya kutendwa: lilikuwa, kuelewa na kuchelewa viache.) Kwa kila kimoja tunauliza: nani alifanya? Jibu likiwa "mimi", kitenzi kianze na ni-. Maneno "na mimi" yakitokea baada ya kitenzi, hapo huna haja hata ya kuuliza. Kiswahili kimekwisha kukupa kiambishi cha mtendaji, kitumie.

Kisha tunatafuta majina yaliyomeza vitenzi. "Zoezi la uhesabuji wa mali lilikuwa likifanywa" ni kuhesabu mali, basi. "Jukumu la utunzaji wa stoo" ni kutunza stoo. Ukiona zoezi la, suala la, jukumu la au shughuli za, tazama neno linalofuata. Mara nyingi kitenzi chako kimejificha humo. Mwisho tunakata sentensi penye "ambapo", maana hapo ndipo mawazo mawili yalipofungwa pamoja kwa nguvu.

Baada ya kunyoosha:

"Nilitunza stoo ya duka la vifaa vya ujenzi kwa miaka 3. Kila mwisho wa mwezi nilihesabu mali, nikaandika taarifa na kumkabidhi meneja."

Yamebaki 22. Ile miaka 3 haikuwamo kwenye rasimu. "Katika kipindi" ilikaa mahali pake. Hatukuibuni, tulimuuliza mwenye barua. Vivyo hivyo kwa taarifa: "zilikuwa zikiandaliwa" haisemi na nani. Kama aliyeandika ni karani, sentensi sahihi ni "nilihesabu mali na kumpa karani hesabu aandike taarifa". Usijitwike kazi ya mwenzako kwa sababu tu unataka kitenzi kianze na ni-. Kwenye usaili utaulizwa taarifa hiyo ilikuwa na safu gani, na jibu litakosekana.

Kuna kutendwa kunakofaa kubaki. "Nilipandishwa cheo kuwa msimamizi wa stoo" iache ilivyo, kwa kuwa uzito uko kwenye kuchaguliwa, na aliyekuchagua si wewe. Sentensi ya kwanza nayo:

Kabla: "Ningependa kuchukua fursa hii adhimu kuwasilisha kwenu maombi yangu ya kufikiriwa kwa ajili ya nafasi ya utunzaji wa stoo."

Baada: "Naomba kazi ya mtunza stoo iliyotangazwa tarehe 3 Machi."

"Iliyotangazwa" imebaki kwa sababu aliyetangaza ndiye anayesoma. "Kufikiriwa" imeondoka, kwani kila anayeandika barua hii anaomba afikiriwe.

Kosa linalofuata baada ya marekebisho haya ni barua nzima kuanza na Nili-, Nili-, Nili-. Inachosha kuisoma. Tanguliza wakati au mahali, kama tulivyofanya na "Kila mwisho wa mwezi", na vitendo vinavyofuatana viunge kwa -ka-: nilihesabu, nikaandika. Isome kwa sauti. Ukisikia Nili- ya tatu mfululizo, geuza mojawapo.

Mwisho wa barua ndipo maneno yanapojaa tena:

Kabla: "Ni matumaini yangu kwamba ombi langu litapokelewa na kupewa uzito unaostahili."

Baada: "Nimeambatisha nakala za vyeti. Naweza kuja kwenye usaili siku yoyote ya kazi."

Adabu haijapotea. Ipo kwenye anwani, kwenye "Naomba" na kwenye "Wako mtiifu"; haihitaji kuongezewa vitenzi vya kutendwa.

Ukituletea rasimu tuinyooshe, leta faili la Word badala ya picha ya karatasi, pamoja na tangazo lenyewe la kazi. Kabla ya kukurudishia barua tutakutumia maswali: ulifanya nini hasa, kwa muda gani, na nani alikuwa na wewe. Yajibu kwa maneno yako ya kawaida, hata kwa ujumbe wa sauti. Mara nyingi mtu akieleza kwa mdomo husema "nilikuwa nahesabu saruji na nondo", na sentensi hiyo tunaichukua karibu kama ilivyo.