Upande gani? Swali la mlangoni ambalo majibu yake inabidi yawe kwenye kadi

Kamati nyingi zikitupigia simu kuulizia huduma ya mapokezi ukumbini wanaanza na sare, mabinti watavaa nini, watakuwa wangapi, bei gani. Yote tutawajibu. Ila sisi tunachotaka kujua mapema ni kitu kimoja, kadi zenu zina alama ya upande au hazina? Kwa sababu kama hazina, basi saa moja na nusu usiku pale mlangoni kila mgeni ataulizwa swali ambalo jibu lake lilitakiwa liwe limeshaandikwa wiki mbili nyuma.

Kwa harusi zetu za huku Dar upande unabeba vitu vingi kuliko watu wanavyodhani. Mara nyingi sherehe ya ukumbini inaandaliwa na upande wa bwana harusi, maana wenzao wa bibi harusi walishafanya sendofu yao, kwahiyo ndugu wa binti wanakuja pale kama wageni wa heshima na wamegaiwa idadi fulani ya kadi. Halafu ukifika muda wa zawadi mshereheshaji anaita, upande wa bibi harusi tunawaomba, na wanatakiwa wanyanyuke pamoja wacheze pamoja mpaka mbele. Sasa kama shangazi mmoja umemkalisha kule karibu na jiko na mwingine yuko katikati ya wafanyakazi wenzake na bwana harusi, wale watu watatafutana ukumbi mzima na muziki unaenda, na ratiba inaliwa hapohapo.

Tatizo la kuuliza mlangoni ni kwamba swali lenyewe linaumiza likiulizwa vibaya. "Wewe ni wa nani?" hiyo hatuiruhusu kabisa kwa vijana wetu, mtu kachanga hela yake kavaa kapendeza halafu unamuuliza kama amepotea njia. Mzee anaamkiwa kwanza, shikamoo baba, shikamoo mama, karibuni sana, naomba niione kadi. Ukishaiona kadi ndo unathibitisha tu, "niwapeleke kwa ndugu zetu wa upande wa bibi harusi, eti?" Hapo mtu anajibu ndiyo au anakurekebisha, na hajisikii kahojiwa.

Wapo wanaodhani kitenge cha sare kinatosha kuonyesha upande. Hakitoshi! Sare siku hizi inauzwa kwenye grupu la wasap na anainunua jirani, anainunua rafiki wa mama, unakuta mtu wa upande wa bwana harusi kavaa kitenge cha mashangazi wa bibi harusi kwa sababu alikipenda rangi. Tukienda kwa nguo tunamkalisha mgeni sehemu ambayo hamjui hata mtu mmoja, na anakaa usiku mzima anaangalia simu.

Njia tunayoitumia ni rahisi. Kila kadi inapata herufi kabla ya namba yake, A kwa bwana harusi, B kwa bibi harusi, na C kwa wale wa pande zote mbili, yaani waliosoma nao chuo au wanaofanya kazi na maharusi wote. Hii C ndo kamati nyingi wanaisahau, na ndo watu wanaogandisha foleni, ukimuuliza upande anakwambia "mimi ni wa wote" na ana haki. Kama mchapaji ameshachapa, tunabandika stika ndogo ya rangi nyuma ya kadi kabla hazijasambazwa. Na kama mnatumia kadi za kwenye simu ambazo tunaskani, herufi inaingizwa kwenye listi ili ikiskaniwa tu itokee na jina, singo au dabo, na namba ya meza.

Tuchukue mfano wa ukumbi wa meza 30, kila meza watu 10. Kadi za bwana harusi zinabeba watu 150, hizo ni meza 15. Bibi harusi watu 90, meza 9. Wa pamoja 40, meza 4. Zinabaki meza 2 na hizo hatuzigawi kwa mtu, ni za akiba, na msituombe tuzitoe saa kumi na mbili eti ukumbi unaonekana mtupu, zitahitajika tu.

Sasa angalia mlango wenyewe. Kadi imeandikwa saa 12 jioni lakini tunajuana, watu wengi wanaingia dakika 40 za mwisho kabla maharusi hawajafika. Tuseme hapo wanaingia wageni 200, na kwa kuwa wengi wana kadi za dabo inakuwa kama makundi 120, yaani makundi matatu kila dakika. Kumtoa mgeni mlangoni, kutembea naye taratibu (mama kavaa viatu virefu huwezi kumkimbiza), kumvutia kiti na kurudi, ni dakika mbili hivi. Kwahiyo mnahitaji watu 6 wa kutembea tu, hapo sijahesabu 2 wanaosoma kadi na msimamizi mmoja. Kamati ikisema tupunguzieni wabaki 4 wote jumla bajeti imebana, tunaelewa, ila ndo mwanzo wa wageni kujiendea wenyewe, na mgeni akijiendea anakaa meza ya nyuma karibu na mlango, mkiangalia mbele kumejaa mapengo ya viti kimoja kimoja na hapo ukija na dabo huna pa kuwaweka pamoja. Ndo maana tunajaza kutoka mbele kwenda nyuma, na meza haifunguliwi mpaka ya mbele yake ya upande uleule imebakiza viti viwili.

Kitu kingine tunachowaomba ni mtu mmoja kutoka kila familia asimame na sisi mlangoni kuanzia mwanzo mpaka maharusi wameingia. Awe anayejua sura za ukoo, siyo kijana wa kupiga picha. Kuna babu ametoka kijijini kadi yake anayo mtoto wake ambaye bado yuko kwenye foleni ya magari, kuna mjomba kampa kadi mpwa wake aje badala yake, sisi hatuwajui hao. Babu hasimamishwi mlangoni kujieleza, anapewa kiti pembeni, mwakilishi anaitwa, anasema huyu ni wetu, anaenda kukaa na wenzake. Asiye na kadi na hajulikani na mwakilishi yeyote anasogezwa pembeni kwa upole azungumze na mtu wa kamati, siyo na binti wetu katikati ya foleni.

Maharusi wakianza kuingia mlango unasimama. Anayefika hapo anasubiri nje na kinywaji mpaka wakae meza kuu, tusije tukapitisha watu mbele ya kamera. Wanaochelewa zaidi tunawapeleka meza za akiba, hapo upande hatuangalii tena, isipokuwa wazazi na ndugu wa damu ambao viti vyao tumevishikilia kwa kibao.

Kwa harusi za Kiislamu ambazo wanawake wana ukumbi wao mpangilio unabadilika na tunapanga mapokezi mawili tofauti, hiyo tuongee peke yake.

Harusi ikiwa Jumamosi listi ya majina yenye herufi tuipate Jumatano, na Ijumaa jioni msimamizi wetu anaenda ukumbini kuhesabu meza mwenyewe, maana meza alizoahidi mwenye ukumbi na zile zilizopangwa siyo kila siku zinalingana. Hata listi ya kwenye daftari mkaipiga picha inatosha, mradi kila jina lina A, B au C pembeni.