Shughuli zilizokuwa zikinila kimyakimya

Sahibu yangu,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata, na nimecheka kwa uchungu uliposema mshahara umepanda, ulevi huna, kamari huna, na bado mwaka unaisha akaunti ikiwa pale pale. Nilikuwa hivyo hivyo mpaka mwaka jana. Jumapili moja nilikaa na taarifa za benki na za simu za miezi 12, nikapigia mstari mwekundu kila pesa iliyokwenda harusini, msibani, kwenye sherehe za watu na kwenye gari.

Ili tusibishane kuhusu kiasi, tufanye mshahara wangu wa mwezi ni 100. Shughuli za watu zilikula 190 kwa mwaka. Nilichokitoa kama mchango ni 110 tu. Zile 80 zilikwenda kwenye nauli, nguo mpya, zawadi na kulala hotelini. Mchango nilikuwa naukumbuka vizuri, kwa sababu niliutoa kwa moyo mzito. Nauli na viatu sikuwahi kuvihesabu kama sehemu ya harusi.

Gari ndilo lililonitia adabu. Nililinunua kwa 1,000, na nilipanga kuliuza baada ya miaka 5 kwa 500 hivi. Maana yake kila mwaka linapoteza 100, hata likilala uani. Ongeza bima 40, matengenezo 50, na seti ya matairi ya 30 inayodumu miaka 3, yaani 10 kwa mwaka. Jumla 200, na mafuta bado, kwa kuwa hayo nilishayaweka kwenye bajeti ya mwezi. Changanya na shughuli: 390, karibu theluthi ya mapato yangu ya mwaka, na hakuna hata senti yake iliyokuwa na mstari kwenye bajeti. Kila moja ilipokuja niliiita "dharura". Bima inayokuja kila mwaka tarehe ile ile, dharura gani hiyo?

Sasa siku ya mshahara, kabla sijalipa kitu kingine, natoa 20 na kuigawa kwenye akaunti tofauti: gari 8, misiba 7, harusi na sherehe 5. Ile 100 ya gari kushuka thamani sikuweza kuiwekea akiba, kwa hiyo nimeamua nitakaa na gari hili miaka 10.

Misiba nimeitenga makusudi. Harusi ina tarehe, unaijua miezi kadhaa kabla. Msiba haubishi hodi. Pesa ya misiba hairuhusiwi kwenda harusini, hata mwaliko uwe wa nani. Mfuko wa sherehe ukiisha, nasema: "Hongera sana, safari hii nitakuwa nanyi kwa kuja tu." Mara ya kwanza niliandika ujumbe huo nikaufuta mara tatu. Niliyemtumia alijibu "karibu sana", yakaisha.

Usidhani mpango huu hauna matundu. Mwezi wa tatu tu nilipata misiba miwili ndani ya wiki mbili. Mfukoni mlikuwa na 21, mahitaji yalikuwa 35. Nilichukua 14 kwenye mfuko wa gari, nikaandika deni kwenye daftari, nikalirudisha 2 kwa mwezi kwa miezi 7. Mwaka wa kwanza ndio mgumu, kwa sababu mfuko bado mchanga.

Nije kwenye harusi yako, maana najua ndiyo iliyokufanya uandike. Unataka kukopa mishahara 6, yaani 600. Kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka inayohesabiwa kwenye salio, ukilipa kwa miaka 3, kila mwezi utakatwa karibu 22, na mwisho utakuwa umerudisha kama 780. Siku moja utailipa miezi 36. Kama riba inahesabiwa kwenye mkopo wote tangu mwanzo, itakuwa zaidi ya hapo, kwa hiyo muulize afisa wa mkopo wanahesabu vipi kabla hujasaini.

Kabla ya hapo, shika orodha ya wageni. Mapambo na muziki watu hubishania usiku kucha, lakini chakula, vinywaji, viti, kadi na ukubwa wa ukumbi vyote vinafuata idadi ya vichwa. Punguza wageni kutoka 300 hadi 180 uone gharama zinavyoshuka zenyewe. Na ahadi za michango usizihesabu kama pesa. Panga kwa kilichoshaingia mkononi. Kitakachochelewa kilipie vitu unavyoweza kuviacha, kama video.

Nitumie orodha hiyo kabla hujarudi benki, tuipitie pamoja. Msalimie sana shemeji, na mwambie kadi yangu iandikwe mtu mmoja.

Wako,
Sahibu wa siku zote