Nyuzi 54 si mara mbili ya nyuzi 27

Ndugu Mhariri,

Katika ukurasa wenu wa masomo wiki iliyopita kulikuwa na swali la gesi ya nitrojeni inayopashwa moto kutoka nyuzi 27 za Selsiasi hadi 54. Jibu lililochapwa linasema wastani wa nishati mwendo wa molekuli zake unakuwa mara mbili. Si kweli, na tayari nimewakuta wanafunzi wangu wawili wamelinakili daftarini.

Sifuri ya Selsiasi ni pale maji yanapoganda tu. Kwenye sifuri hiyo molekuli za gesi bado zinakimbia kwa kasi kubwa, kwa hiyo hatuwezi kuanza kuhesabu nishati yao kutoka hapo. Nishati hiyo huenda sambamba na kelvini, kipimo cha joto kinachoanzia sifuri halisi. Ongeza 273 kwanza, utaona gesi imetoka kelvini 300 kwenda 327. Wastani wa nishati mwendo wa molekuli moja ni 3/2 kT, ambapo T ni joto kwa kelvini na k ni 1.38 × 10⁻²³ J/K. Tunapata jouli 6.21 × 10⁻²¹ mwanzoni na 6.77 × 10⁻²¹ mwishoni, ongezeko la asilimia 9 basi. Ili nishati iwe mara mbili, gesi lazima ifike kelvini 600, yaani nyuzi 327.

Kosa la pili limo kwenye kasi. Fomyula ya kasi v ya molekuli, ambapo R ni kiwango kisichobadilika cha gesi na M ni tungamo la moli moja ya gesi, ni

v = √(3RT/M)

nanyi mmepata mita 16 kwa sekunde kwenye nyuzi 27. Nimerudia hesabu nikaona lilikotoka: M imewekwa 28, ambayo ni gramu, ilhali R ya 8.314 inataka kilo, yaani 0.028. Ukiweka hivyo unapata mita 517 kwa sekunde. Hata bila kurudia hesabu, 16 ilipaswa kumshtua mtu. Sauti hewani, kwenye joto hilo, huenda karibu mita 347 kwa sekunde, na hewa karibu yote ni nitrojeni na oksijeni. Sauti hubebwa na molekuli hizohizo zikigongana, itazipitaje?

Kasi hiyo si wastani wa kawaida, jambo ambalo maelezo yenu yameliruka. Chukua molekuli mbili zinazofanana, moja ina kasi ya 300, nyingine 500. Wastani ni 400. Lakini ukitafuta wastani wa miraba ya kasi hizo, kisha kipeuo chake cha pili, unapata 412. Molekuli yenye kasi ya 412 ndiyo yenye nishati iliyo sawa na wastani wa zile mbili. Yenye 400 inapungukiwa. Na kwa kuwa nishati hufuata mraba wa kasi, hata kwenye kelvini 600 kasi ya nitrojeni ni 731, haifiki 1,034, yaani mara mbili ya 517.

Naomba jibu sahihi lichapwe kwenye ukurasa uleule, pamoja na hatua zake zote, kabla wanafunzi hawajaingia kwenye mtihani.

Mwalimu wa fizikia