Kura ya muda wa kikao cha kamati ya harusi

Habari zenu wanakamati. Kura iko hapo juu, ina nafasi nne tu; zikizidi, kura hutawanyika. Gusa kila muda unaoweza kuhudhuria, si ule unaoupenda tu. Saa ni za Dar, walioko Maskati ongezeni moja. Mwisho kesho saa 2 usiku. Hapo napiga picha ya skrini, atakayebadilisha baadaye hahesabiwi.

Zikilingana, haturudii kura. Tuseme Alhamisi kura 9, Jumamosi kura 9: kwanza tunaangalia mwenyekiti na mweka hazina wamegusa ipi, maana bila wao bajeti haipiti. Wakiwa wamegusa zote mbili, tunachukua siku wanayoiweza wengi wa waliokosa kikao kilichopita. Bado sare? Basi Alhamisi, ukumbi unadai malipo mapema.