Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: kutoka meza ya jikoni hadi karakana ya Katuba

Ndugu wanachama, mama na baba, na vijana mliojiunga mwaka huu,

Nawashukuru kwa kufika. Mambo ya michango na ada mtayasikia kwa mwekahazina wetu, na hesabu zake ziko sawa. Mimi nataka nitumie muda wangu kwa jambo moja: kwa nini tulihama jikoni, tukanunua chungu kikubwa, halafu kwa miezi miwili tukauza sabuni pungufu ya matarajio yetu yote. Kosa lile lilikuwa letu, mimi nikiwa wa kwanza, na ningependa kila mmoja hapa aelewe lilivyotokea kabla hatujapiga kura ya kununua kitu kingine.

Mnakumbuka tulikotoka. Kila mmoja alipika nyumbani, kilo tano za mafuta kwa mpiko, vipande thelathini na tano hivi, mara mbili kwa wiki. Tuliona kinachotuchelewesha ni kukoroga. Mkono unachoka, umeme unakatika katikati ya kazi, mchanganyiko unakataa kushika. Kwa hiyo tulipopata chumba cha Katuba tulinunua chungu cha chuma kisichoshika kutu, tukaanza kupika mara tano zaidi kwa mkupuo mmoja.

Ukubwa wa mpiko tuliupima kwa bidoni, na uamuzi huo bado nauona kuwa mzuri. Bidoni ya lita 20 ya mawese ina kilo 18 hivi. Tukiongeza kilo 8 za mafuta ya mise tunapata kilo 26, na hakuna bidoni inayobaki nusu ikisubiri wiki ijayo. Mafuta hayo yanataka soda kostiki kilo 3 na gramu 750, ambayo ni pungufu kidogo ya kile yanachoweza kumeza, ili kisibaki kitu cha kuunguza ngozi. Maji ni lita saba na nusu. Baada ya kukata na kusawazisha kingo tunatoka na vipande 180 vya gramu 200.

Hapa niseme neno kuhusu kukuza kipimo, maana wapya wanauliza. Kile kikombe tulichopimia soda jikoni hakifai tena. Kosa la gramu kumi katika mpiko mdogo ukilirudia mara tano linakuwa gramu hamsini, na mvua ikianza gunia lililofunguliwa linavuta unyevu, kikombe kilekile kinabeba soda kidogo na maji zaidi. Ni mizani tu, na gunia lifungwe mara moja baada ya kuchota. Soda inaingia katika maji, kamwe maji yasimwagwe juu ya soda. Zile sufuria za alminiamu zinazoyeyushwa hapahapa mjini zisikaribie soda hata siku moja, kwa sababu soda inaila alminiamu na kutoa gesi inayoshika moto. Na joto nalo halikui kama mlivyozoea. Kilo karibu nne za soda zikiingia majini, ndoo inachemka karibu, na inachukua saa nyingi kupoa. Ndiyo maana siku hizi soda inayeyushwa jioni, nje, kwa ndoo ya plastiki nene yenye mfuniko, na asubuhi wapishi wanaikuta tayari. Mabadiliko hayo madogo yalitupa nusu siku nzima bila kununua chochote.

Sasa nirudi kwenye kosa lenyewe.

Mwanzoni mwa Novemba, tukilenga sikukuu, tulianza kupika mara nne kwa wiki. Vipande 720 kila wiki. Wote tulifurahi, na mimi nilipita madukani nikiahidi katoni. Mwishoni mwa wiki ya pili mama anayesimamia chumba cha kukaushia alinijia akasema, «Mwenyekiti, chanja zimejaa.» Nilimwambia asogeze vipande vikaribiane. Ndilo jibu nililompa, na lilikuwa jibu baya.

Kila chanja yetu ina urefu wa mita moja na upana wa sentimita 60. Kipande kikisimama kwa ubavu na kuachiwa nafasi ya kidole kila upande, chanja moja inabeba vipande 100. Tulikuwa na chanja 15, yaani nafasi 1,500. Katika kiangazi, upepo wa Lubumbashi ukiwa mkavu, kipande kinakauka kwa wiki nne. Wakati wa mvua, tulipopima, kilihitaji wiki sita. Gawanya 1,500 kwa sita: ni vipande 250 kwa wiki, na si kimoja zaidi. Chungu chetu kilikuwa kinatoa 720. Hata tungekuwa na vyungu vitatu, mlangoni vingetoka vilevile 250 vilivyokauka.

Jikoni hatukuliona hili kwa sababu kila nyumba ilikuwa na kabati lake, juu ya jokofu, chini ya kitanda, na vipande sabini vya wiki vilipata mahali pa kukaa. Nafasi ya kukaushia ilikuwepo, imetawanyika katika nyumba zote, wala hakuna aliyeihesabu kuwa kifaa cha kazi. Tulipohama tulibeba vyungu na mizani, tukaiacha ile nafasi majumbani.

Wiki ya tatu vipande vilikuwa vimelala sakafuni juu ya makaratasi, vimegusana. Hewa haipiti, na sabuni yetu ina gliserini inayovuta unyevu, kwa hiyo vikaanza kutoka jasho. Vingine viliuzwa kabla ya muda wake. Duka moja lilirudisha katoni mbili: vipande vilikuwa laini, vinaisha upesi kwenye maji, na vilivyobaki vilinywea hadi karatasi ikalegea. Mwenye duka alikuwa na haki. Sehemu ya tano ya uzito wa sabuni mbichi ni maji, na sisi tulimuuzia maji hayo kwa bei ya sabuni.

Mama yule wa chumba cha kukaushia ndiye aliyetuonyesha njia. Alichukua kipande kimoja katika kila mpiko, akakichora herufi na tarehe, akawa anakipima kila Jumamosi na kuandika katika daftari. Kipande cha gramu 200 kinapoteza haraka wiki za kwanza, halafu polepole. Kikipungua chini ya gramu mbili kwa wiki nzima, mpiko huo unaruhusiwa kutoka. Daftari hilo sasa ndilo linaloamua tarehe ya kuuza. Mimi siamui, wala mteja mwenye haraka haamui. Nawaomba mliheshimu hata ndugu yenu akija na pesa mkononi.

Januari tulimpa fundi seremala kazi ya chanja 30 zaidi, zikapangwa ukutani hadi karibu na dari, na matundu mawili ya hewa yakatobolewa, moja chini na moja juu upande wa pili. Sasa tuna nafasi 4,500. Hata mvua ikinyesha, hizo zinabeba vipande 750 kwa wiki, yaani mipiko minne. Gharama yake ilikuwa ndogo kuliko ya chungu, na ndiyo iliyotuongezea sabuni ya kuuza.

Mtauliza basi kwa nini mwaka huu wote hatukupika mara nne. Ni kwa sababu panapobana pamehama. Leo panabana kwenye makasha ya kumwagia. Tuna makasha mawili, na yote mawili ndiyo yanayopokea mpiko mmoja, kila moja nusu. Sabuni inalala humo siku mbili kabla ya kukatwa. Ukimwaga Jumatatu, unayapata Jumatano, kisha Ijumaa. Mipiko mitatu, vipande 540. Kijana mmoja alipendekeza tutengeneze kasha moja refu kwenda chini lipokee mpiko wote. Tulijaribu mara moja: katikati pakashika joto kupita kiasi, sabuni ikavimba, ikapasuka juu kama ardhi ya kiangazi, na ndani ikawa na rangi mbili. Kwa hiyo makasha yabaki ya kina kifupi, na tukitaka zaidi tuongeze idadi yake.

Je, tunataka zaidi? Mauzo ya wiki za kawaida ni vipande 400 hivi. Tunapika 540. Kwa maoni yangu, kununua makasha mawili mengine sasa ni kurudia kosa la chungu, yaani kuongeza nguvu mahali ambapo hapatubani. Desemba ndiyo inayotushinda, maana mahitaji yanakuwa karibu mara mbili, na inatukuta katikati ya mvua, wakati sabuni inakauka kwa wiki sita. Kilichomwagwa katikati ya Novemba hakiko tayari kabla ya Krismasi, hata tukikesha.

Pendekezo la kamati ni kupika kwa ajili ya Desemba wakati wa ukavu. Kuanzia Julai hadi mwisho wa Septemba tukiendelea na mipiko mitatu kila wiki, tunabakiza vipande 140 kwa wiki, na kwa wiki kumi na tatu tunakuwa na 1,820. Vikishakauka vinaingia katika katoni, vinaacha chanja, vinasubiri chumba cha mbele pasipovuja. Onyo moja: Juni na Julai asubuhi ni baridi, mawese yanaganda ndani ya bidoni. Yayeyushwe yote kabla ya kupima, kwa sababu yakigawanywa yakiwa nusu ganda, sehemu ya juu na ya chini si mafuta yaleyale, na kipimo cha soda hakitalingana nayo.

Mzigo wa mpango huu ni pesa. Vipande 1,820 ni mipiko kumi hivi, yaani bidoni kumi za mawese, kilo 80 za mafuta ya mise na gunia moja na nusu la soda, vyote vimelipwa na haviingizi franka hata moja mpaka Desemba. Mwekahazina anasema mfuko unaweza kubeba bidoni sita. Nne zilizobaki zinahitaji ama mkopo wa wanachama wenyewe, bila riba, urudishwe wiki ya kwanza ya Januari, ama tupunguze lengo hadi mipiko sita. Mimi naunga mkono mkopo, lakini sitaki tuamue kwa kelele za mkutano. Karatasi zitazunguka baada ya hotuba hii, kila mmoja aandike kiasi anachoweza kutoa au aache wazi.

Na ufunguo wa chumba cha kukaushia, kuanzia leo, unabaki kwa mtu mmoja tu: yule mwenye daftari.